Kejeli Iliyopoteza Jina Lake
Hotuba kwa wahariri na wasimamizi wa makundi ya mtandaoni

Ndugu wahariri, ndugu wasimamizi wa makundi, mabibi na mabwana,

Tarehe 10 Novemba 2022, akaunti moja ya Twitter iliyobeba jina na nembo ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly iliandika sentensi moja fupi ya Kiingereza, ikisema kwamba wana furaha kutangaza kuwa insulini sasa ni bure. Kando ya jina palikuwa na tiki ya buluu. Hadi wiki hiyo tiki ile ilimaanisha kwamba mtandao umethibitisha mwenye akaunti ni nani. Kuanzia tarehe 9 mwezi huo ilikuwa inapatikana kwa kulipia dola 8 kwa mwezi, na wasomaji wengi hawakuwa na habari. Akaunti hiyo haikuwa ya kampuni. Saa kadhaa zilipita kabla haijaondolewa, na kampuni yenyewe ikalazimika kuwaomba radhi waliofikiwa na ujumbe huo wa kupotosha na kutaja akaunti yake halisi.

Nimeichagua sentensi hiyo kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachotusumbua. Aliyejua kisa cha insulini aliuelewa mkuki ulielekezwa wapi. Mwaka 1923 wagunduzi wake wa Toronto waliiuzia chuo kikuu chao hataza kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu. Karibu karne moja baadaye, chupa moja ya Humalog, insulini ya kampuni hiyo hiyo, ilikuwa na bei ya orodha ya takriban dola 275 nchini Marekani. Kwa mwenye habari hiyo, neno "bure" likitoka kinywani mwa kampuni lilikuwa shutuma iliyovaa sura ya tangazo. Asiye na habari hiyo aliona tangazo tu. Na kama ni mgonjwa wa kisukari, au mzazi wa mtoto mwenye kisukari, aliona tangazo ambalo amelisubiri miaka.

Herufi ni zile zile kwa wasomaji wote wawili. Kwa hiyo anayeletewa picha ya skrini na kuulizwa "hii ni kejeli au ni uongo?" asitafute jibu ndani ya maneno peke yake. Kejeli hukaa kati ya maneno na anayeyasema. Msomaji anapomjua msemaji ni mwigizaji, maneno yanakuwa dhihaka. Akiondolewa msemaji, maneno yanabaki kuwa dai, na dai hilo ni la uongo.

Ndiyo maana nawaomba muyatenganishe maswali mawili ambayo huwa tunayachanganya. La kwanza: lile andiko la asili, pale lilipozaliwa, lilikuwa nini? La pili: nakala hii niliyoshika mkononi, kwa jinsi ilivyonifikia, inamfanyia nini anayeisoma? Majibu yanaweza kutofautiana kabisa bila kupingana. Andiko linaweza kuwa kejeli halali huku nakala yake ikiwa taarifa potofu. Ukijibu swali la kwanza tu, utamwambia mtu aliyekwisha kudanganyika kwamba "ule ulikuwa utani", naye atakuona unamcheka. Ukijibu la pili tu, utamwita mwandishi wa kejeli mzushi, jambo ambalo huenda si haki.

Tuangalie basi kile kinachodondoka njiani, maana hakidondoki ovyo.

Akaunti ya kejeli hujitambulisha katika sehemu kama nne: jina linaloonekana juu ya andiko, jina la mtumiaji linaloanza na @, maelezo mafupi ya wasifu, na mwenendo wake kwa jumla, yaani maandiko mengine yanayolizunguka hili. Anayepitia mtandao kwa simu haoni wasifu wala mwenendo. Anaona majina mawili, na hata hayo huenda hayakukamilika. Jina la kuonekana katika X, mtandao ulioitwa Twitter zamani, linaweza kufika herufi 50, lakini kioo cha simu hukata jina refu na kuweka nukta tatu. Aliyeweka neno "Parody" mwishoni mwa jina refu alikuwa ameliweka mahali panapokatwa. Ndiyo sababu mtandao huo, kuanzia Aprili 2025, ulizitaka akaunti za aina hii ziweke neno kama "parody" au "fake" mwanzoni mwa jina, na zisitumie picha ile ile ya anayeigizwa. Facebook nayo ilianza mwaka 2021, kwa watumiaji wa Marekani, kubandika alama ya ukurasa wa kejeli juu ya maandiko ya kurasa hizo.

Ni hatua njema, ila zote zinaishi ndani ya mtandao husika. Mtu akipiga picha ya skrini, wasifu unabaki nyuma, kiungo kinabaki nyuma, na alama ya mtandao inabaki au haibaki kutegemea mkasi ulipita wapi. Akinakili maneno na kuyabandika katika kundi la WhatsApp, hata jina linaondoka. Akiyatafsiri, linaondoka na jambo jingine ambalo halisemwi sana: kile kiduchu cha kupindukia katika lugha ya asili ambacho kingemshtua msomaji. Tafsiri husawazisha. Mzaha uliokuwa umepinda kidogo katika lugha yake unatoka ukiwa umenyooka kama taarifa ya habari. Hata neno lenyewe la onyo halitafsiriwi, kwa sababu liko kwenye jina, na majina huachwa kama yalivyo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona "Parody" limeandikwa waziwazi kwenye picha na asijue kwamba ameshaambiwa. Jizoezeni kuyatambua maneno haya machache popote yanapoonekana: parody, satire, fake, fan, commentary, na not affiliated, lenye maana kwamba mwenye akaunti hana uhusiano na anayetajwa.

Karatasi nayo hufanya kazi hiyo hiyo ya kuvua. Mwaka 2015, Jack Warner, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FIFA na wakati huo akikabiliwa na mashtaka Marekani, alijirekodi video akiwa ameshika habari ya The Onion, chombo cha habari za kejeli cha Marekani, iliyochapwa kwenye karatasi, akaitumia kama ushahidi wa kujitetea. Habari hiyo ilisema FIFA imetangaza Kombe la Dunia la kiangazi cha 2015 nchini Marekani. Kombe la wanaume huja kila baada ya miaka minne, na 2015 haukuwa mwaka wake. Mtu aliyeishi ndani ya soka alilijua hilo kuliko wengi. Elimu haikumkinga, kwa kuwa habari ilikuja ikiwa upande wake. Tunapopima nani anaweza kudanganyika, tusimfikirie mjinga. Tumfikirie mtu anayelihitaji sana jambo hilo liwe kweli.

Sasa tufanye kazi yenyewe kwa kutumia nakala ile ya insulini, tukichukulia kwamba imetufikia leo kama picha ya skrini isiyo na kiungo, chini yake mtu ameandika kwa Kiswahili kwamba dawa imekuwa bure, wahini kuifuata.

Anza na kusoma jina la mtumiaji herufi kwa herufi, ukiliandika upya kwa mkono. Usilinakili kwa mazoea, kwa sababu jicho husahihisha lenyewe. Herufi kubwa I na ndogo l hufanana, r na n zikikaribiana huonekana m, sifuri hukaa mahali pa O. Katika picha yetu jina ni @EliLillyandCo. Hapo nataka msimame kidogo. Akaunti halisi ya kampuni wakati huo ilikuwa @LillyPad. Mkizilinganisha mbili hizo kwa sura, ile ya bandia ndiyo inayoonekana rasmi zaidi! Kwa hiyo kukisia kwa kutazama jina hakufai kitu. Njia ya kuaminika huanzia upande wa pili: nenda kwenye tovuti ya kampuni au taasisi inayotajwa, shuka chini ya ukurasa mahali wanapoweka viungo vya mitandao, ubonyeze kutoka hapo. Akaunti utakayofikia kwa njia hiyo ndiyo ya kwao. Kama si ile iliyo kwenye picha, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Halafu tafuta maneno yenyewe. Chagua maneno manne hadi saba yanayofuatana, yasiyo ya kawaida, uyaweke ndani ya alama za kunukuu pamoja na tarehe inayoonekana kwenye picha. Kama nakala imetafsiriwa, jaribu kuyarudisha katika lugha inayodhaniwa kuwa ya asili. Katika kisanduku cha kutafutia cha X ingeandikwa hivi:

```
"insulin is free now" since:2022-11-10 until:2022-11-12
```

Siku inayotajwa baada ya `until` haihesabiwi, kwa hiyo hapo tumechukua tarehe 10 na 11. Mkitaka kubana akaunti moja, ongezeni `from:` ikifuatwa na jina bila alama ya @. Lakini kwa kisa chetu `from:EliLillyandCo` haitatoa andiko lile, kwa sababu lilishaondolewa. Kosa la kawaida hapa ni kuona ukurasa mtupu na kuhitimisha kwamba andiko halikuwahi kuwapo. Andiko likiondolewa, majibu ya watu na nukuu zao hubaki, na ndiyo maana tunatafuta maneno bila kufunga jina. Majibu hayo ni hazina. Yasomeni yale ya saa ya kwanza: waliokuwa wakiifahamu akaunti huzungumza nayo kama mzaha, na waliodanganyika huuliza wapi pa kuipata dawa. Mkiona aina zote mbili zimechanganyika, mnajua mapema kwamba andiko lilikuwa linadanganya hata likiwa nyumbani kwake, kabla ya mkasi wa mtu yeyote.

Kama andiko limefutwa, nendeni kwenye hifadhi ya `web.archive.org` mkaweke anwani ya akaunti. Jaribuni `twitter.com` na `x.com` zote mbili, kwa maana mtandao ulihamia anwani mpya mwaka 2024 na nakala za zamani zimehifadhiwa chini ya ile ya kwanza. Mnachotafuta huko ni wasifu ulivyokuwa siku ile ile. Wasifu wa leo haushuhudii ya jana: mtu anaweza kuongeza neno "kejeli" baada ya kelele kuanza, au kubadilisha jina lote la akaunti. Kwa kurasa za Facebook, sehemu inayoitwa Page transparency huonyesha tarehe ukurasa ulipoundwa na majina uliyowahi kuitwa. Ukurasa ulioitwa jina la kituo cha habari kwa miaka miwili kisha ukajiita wa vichekesho wiki iliyopita umewaambia mengi.

Mkishalipata andiko la asili, au ushahidi wake, liwekeni sambamba na nakala na mwulize ni nini kimeondoka. Je, picha imekatwa juu, pale jina lilipo? Imekatwa chini, pale tarehe ilipo? Maelezo yaliyoongezwa yanasema nini ambacho asili haikusema? Katika mfano wetu asili haikumwambia mtu aende popote. Wito wa "wahini kuifuata" umeongezwa na msambazaji, na ndio wenye madhara makubwa kuliko yote, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuacha kununua dozi ya wiki akisubiri ya bure. Nikiulizwa uzito wa kosa upimwe wapi, nitasema pimeni hapo kwanza, kwenye kile ambacho msomaji ataamua kufanya.

Na tarehe isidharauliwe. Tarehe 1 Machi 2023 kampuni hiyo ilitangaza kweli kwamba inashusha kwa asilimia 70 bei ya insulini zake zinazotumiwa zaidi, na kuweka ukomo wa dola 35 kwa mwezi katika kile anacholipa mgonjwa nchini Marekani. Sasa fikirieni picha ile ya Novemba ikizunguka tena mwezi wa Machi bila tarehe. Anayetafuta haraka atakutana na habari za kweli za bei kushuka, aone "imethibitishwa", na kuisambaza. Kejeli ya zamani ikikutana na habari mpya inayofanana nayo, kila moja huipa nyingine uzito isiostahili.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki linalotuhusu sisi wenye kazi hii moja kwa moja. Siku iliyofuata andiko lile, hisa za Eli Lilly zilishuka kwa zaidi ya asilimia 4, na hadi leo husimuliwa kwamba sentensi moja ya mzaha iliteketeza mabilioni ya dola. Hisa za kampuni nyingine kubwa za dawa nazo zilishuka siku hiyo hiyo. Kufuatana kwa matukio mawili hakuthibitishi kwamba la kwanza lilizaa la pili. Tunapoeleza madhara ya taarifa potofu, tujizuie tusije tukatoa nyingine.

Nije kwenye swali gumu: vipi kuhusu yule anayesema "ni kejeli" kama kinga tu? Wapo. Anaunda ukurasa, anaandika habari za uongo zenye kuaminika, anaficha neno "burudani" kwenye aya ya mwisho ya wasifu, na akibanwa analionyesha. Hapa napendekeza kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Ondoa uongo ndani ya andiko, uulize: kuna kinachobaki? Katika kejeli ya kweli kinabaki kitu, yaani mlengwa anayejulikana na jambo la kweli kumhusu ambalo limekuzwa ili lionekane. Ukiondoa uongo wa "insulini ni bure" inabaki bei ya insulini. Lakini chukua andiko linalosema tarehe ya mtihani imesogezwa mbele kwa siku tatu. Ondoa uongo. Hakuna kitu. Hakuna anayedhihakiwa, hakuna kilichokuzwa, kuna tarehe isiyo sahihi tu. Andiko kama hilo ni uzushi hata kama wasifu umeandikwa "kejeli" kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo kwa dozi za dawa, mahali pa kupigia kura, na namba za kutuma pesa.

Kipimo hicho hakimsafishi mwandishi wa kejeli moja kwa moja. Anaweza kuwa na shabaha ya haki na bado akawa mzembe: akaiga nembo, jina na rangi bila kuacha alama hata moja inayosafiri na picha. Akaunti ya Novemba 2022 naiweka hapo. Shabaha yake ilikuwa ya kweli, na ujenzi wake ulikuwa wa kumfanya msomaji asijue. Nikizungumza na waandishi wa kejeli waliomo humu, ombi langu ni la ufundi: wekeni alama ya mzaha ndani ya picha au ndani ya sentensi yenyewe, kwa sababu hizo ndizo sehemu zinazonusurika mkasi.

Tumalizie na namna ya kutoa hukumu na kuiandika. Wahakiki wa habari wamejifunza kutotumia neno moja tu. Snopes, kwa mfano, hutenganisha maudhui yaliyotambulishwa kuwa kejeli na yale yaliyoanza kama kejeli kisha yakazunguka kama kweli. Tofauti hiyo inafaa kuigwa, hata katika ujumbe wa sentensi tatu kwenye kundi. Sentensi ya kwanza iwe ukweli wenyewe: "Insulini haikutangazwa kuwa bure." Ya pili iseme chanzo: "Maneno haya yaliandikwa Novemba 2022 na akaunti iliyokuwa ikiiga kampuni ya Eli Lilly, si kampuni yenyewe." Ya tatu iseme nakala ilivyobadilika: "Picha inayozunguka haina tarehe, na wito wa kwenda kuichukua uliongezwa baadaye." Hakuna aliyeitwa mwongo, wala hakuna aliyechekwa. Aliyeisambaza kwa nia njema anaweza kuipokea sahihisho hiyo na kuipeleka mbele bila kuaibika, nasi tunataka hasa aipeleke yeye, kwa sababu ndiye anayejua aliituma wapi.

Mkilazimika kuonyesha picha yenyewe, andikeni alama kubwa juu yake, ikikatiza maneno. Maandishi ya pembeni yatakatwa na mtu wa kwanza atakayeipenda, na picha safi mliyoisaidia itatoka mikononi mwenu ikiwa na ubora mzuri zaidi. Irudisheni sahihisho katika njia ile ile: kilichoenea kama picha WhatsApp kijibiwe kwa picha WhatsApp. Alama ya mishale miwili ya mtandao huo huonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mitano au zaidi tangu ulipotoka. Inaeleza umbali tu, haisemi lolote kuhusu ukweli, na mtu akiupiga picha na kuutuma upya hesabu huanza mwanzo.

Na pale ambapo mmetafuta kote msilipate andiko, kwenye hifadhi hamna kitu, na hakuna majibu ya watu yaliyobaki, andikeni hivyo hivyo: "Hatukulipata andiko hili kwenye akaunti inayotajwa." Msiandike kwamba halikuwapo. Wala msiandike kwamba ni kejeli kwa sababu tu akaunti hiyo huandika kejeli. Picha ya skrini hughushiwa kwa dakika moja. Kivinjari chochote cha kompyuta kinaruhusu kubadilisha maneno ya ukurasa kabla ya kuupiga picha. Kwa hiyo inawezekana kabisa mkaletewa maneno ambayo hata akaunti ya mzaha haikuyasema, yamepachikwa kwake ili mkiulizwa mjibu, "Aa, hao ni wachekeshaji," na mwache kutafuta aliyeyatunga.

Asanteni.